Jina Kwanza, Jukwaa Baadaye

Karibu kila anayetaka kuanzisha blogu huanza na swali moja: nitumie Blogger au WordPress? Ni swali halali, lakini limetangulia mbele ya jingine lililo kubwa zaidi. Kabla ya kuchagua jukwaa, jiulize hivi: miaka mitatu kutoka sasa, nikilazimika kuhama, wasomaji wangu watanipata wapi? Jibu la swali hilo halimo ndani ya jukwaa lolote. Limo katika jina la kikoa, yaani ile anwani ambayo msomaji huiandika au huibofya, kama `jinalako.co.tz`.

Majukwaa hufa. Posterous, iliyopendwa sana kwa urahisi wake, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kufungwa tarehe 30 Aprili 2013. Typepad ilidumu tangu 2003, ikafungwa tarehe 30 Septemba 2025, na wateja wake walitangaziwa zaidi kidogo ya mwezi mmoja kabla. Katika matukio yote mawili wenye blogu waliruhusiwa kuchukua maandishi yao. Ambacho hakikuweza kuchukuliwa ni anwani zilizoishia na jina la kampuni. Kila kiungo kilichokuwa kimesambazwa kwenye barua pepe, kwenye tovuti za wengine na katika matokeo ya Google kiligeuka kuwa mlango usiofunguka. Waliokuwa wakitumia jina la kikoa walilolisajili wenyewe walikuwa na nafasi ya kulielekeza kwingine, na kama waliupanga vizuri uhamisho wao, viungo vyao vya zamani viliendelea kufanya kazi.

Tanzania na Kenya tunalijua jambo hili kwa namna nyingine: tunaweza kuhama kampuni ya simu na kubaki na namba ileile. Jina la kikoa linafanya kazi hiyohiyo kwa blogu. Jukwaa ndilo kampuni ya simu, nalo unaweza kulibadilisha. Namba ndiyo inayopaswa kubaki yako.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa blogu ya kwanza ni mfupi: lipia jina la kikoa tangu siku ya kwanza, na usilipie kitu kingine mpaka kihitajike. Nitaeleza sababu kwa kutazama gharama, kisha umiliki, kisha namna uhamisho wenyewe unavyofanyika.

Tuanze na gharama. Jina linaloishia na .com huuzwa na wasajili wengi kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Chunguza bei ya kulihuisha, maana bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo: jina huuzwa dola moja au mbili, kisha mwaka wa pili linapanda mara kadhaa. Majina ya .co.tz na .co.ke huuzwa na wasajili wa hapa nyumbani, na faida yake kubwa ni kwamba wengi wao hupokea malipo ya simu kama M-Pesa. Kwa mtu asiye na kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, hilo si jambo dogo. Jina ambalo huwezi kulilipia kwa urahisi mwaka ujao ni jina ulilokwisha kuanza kulipoteza.

Majina ya bure yaepuke kabisa. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom iligawa bure majina ya .tk, .ml, .ga na mengineyo, na vijana wengi wa Afrika Mashariki walianzia hapo. Mwaka 2023 iliacha kusajili majina mapya. Mwezi Juni mwaka huohuo Gabon ilirudisha mikononi mwake usimamizi wa .ga, na mamilioni ya majina ya bure yakafutwa kwa mkupuo. Aliyepewa jina bure hakuwa na mkataba wa kulidai.

Jukwaa lenyewe, kwa upande wake, linaweza kuwa la bure bila madhara makubwa. Blogger, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, haidai malipo ya kuhifadhi blogu, na inakuruhusu kuunganisha jina lako la kikoa bila malipo ya ziada. Hapo ndipo inapotofautiana na wenzake. WordPress.com ina mpango wa bure, lakini katika mpango huo anwani yako huishia na `wordpress.com`. Ukitaka jina lako, unaingia kwenye mpango wa kulipia. Substack haidai ada ya kuanzia, ila hutoza dola 50 mara moja kuunganisha jina lako. Medium huwapa nafasi hiyo wanachama wanaolipa.

Kisha iko WordPress ya kujihudumia, ile programu ya bure unayoipakua kwenye `wordpress.org` na kuiweka kwenye seva unayoikodi. Seva ya pamoja ya bei nafuu hukodishwa kwa dola chache kwa mwezi, na hapa pia bei ya kuhuisha huwa juu kuliko ile ya kuanzia. Hapo una uhuru wote: muonekano, matangazo, nakala za akiba, kila kitu. Lakini uhuru huo unadai kazi. Wewe ndiye utakayesasisha programu, utakayepambana na maoni ya taka, na utakayejua la kufanya asubuhi tovuti isipofunguka. Mtu ambaye bado hajaandika makala kumi haimfai kubeba mzigo huo. Ataubeba vizuri zaidi akiwa na makala mia moja na wasomaji wanaomsubiri.

Ipo gharama nyingine ambayo waandishi wa Tanzania hawapaswi kuisahau. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kupata leseni ya TCRA, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilizidi shilingi milioni mbili. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, na makundi ya leseni pamoja na ada zake yakabadilika. Kabla ya kuweka makala ya kwanza hadharani, soma kanuni zinazotumika sasa na ujue blogu yako inaangukia kundi gani. Ada hiyo inaweza kuzidi kwa mbali jina, seva na vingine vyote kwa pamoja.

Sasa umiliki. Kulipia jina hakutoshi. Lazima lisajiliwe kwako. Tatizo ninalolikuta mara nyingi ni hili: mtu amemlipa fundi wa tovuti, fundi akasajili jina kwa akaunti yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe. Mara nyingi fundi hana nia mbaya, amefanya hivyo kwa sababu ni haraka. Lakini kwa msajili, mwenye jina ni fundi. Akihama mji, akibadilisha namba au mkigombana juu ya fedha, huna pa kusimamia.

Kujua uko upande gani ni rahisi. Je, unaweza kuingia kwenye akaunti ya msajili kwa nywila unayoijua wewe peke yako? Je, ukumbusho wa kuhuisha jina unakuja kwenye barua pepe yako? Je, ndani ya akaunti hiyo unaona sehemu ya kubadilisha rekodi za DNS na sehemu ya kupata msimbo wa kuhamisha jina kwa msajili mwingine? Kama jibu la moja kati ya hayo ni hapana, lirekebishe leo wakati uhusiano wenu ungali mzuri. Na barua pepe unayoitumia kwa msajili isiwe ile ya `info@jinalako.co.tz`, kwa sababu jina likiisha muda wake, barua pepe hiyo inakufa nalo, na ukumbusho hautakufikia.

Jina kuisha muda ndiko kunakowapoteza wengi. Kwa majina ya .com, msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kuhuisha baada ya tarehe ya mwisho, ingawa wengine hutoa siku chache zaidi. Zikipita, jina huingia katika siku 30 za ukombozi ambapo kulirudisha hugharimu mara nyingi ya bei ya kawaida. Baada ya hapo hukaa siku 5, kisha huachiwa, na yeyote anaweza kulichukua. Jina lililokuwa na wasomaji huwindwa na watu wanaolitaka kwa ajili ya matangazo ya kamari. Dawa yake ni kulipia miaka miwili au mitatu mbele pale uwezo unaporuhusu.

Kuhusu jina gani uchague, nitasema yale tu yanayowahusu waandishi wa Kiswahili. Blogu zetu husambaa kwa mdomo: redioni, kwenye simu, kwenye sauti za WhatsApp. Jina zuri ni lile ambalo aliyelisikia mara moja anaweza kuliandika bila kukosea. Maneno yenye l na r yanayokaribiana, yenye dh na z, au yenye th na s, huandikwa tofauti na watu tofauti. Vistari na tarakimu humlazimu msemaji kueleza kila mara. Maneno mawili yanayokutana kwa irabu ileile, moja likiishia na a na jingine likianza na a, humwacha msomaji akijiuliza kama aandike irabu moja au mbili. Fanya jaribio: mpigie simu ndugu, mtajie jina mara moja, mwombe akutumie kwa ujumbe. Rudia kwa watu kadhaa wa mikoa tofauti. Wakikosea, badilisha jina kabla hujalilipia. Pia usijifunge kwa mada finyu. Aliyejiita kwa jina la pilau atapata shida siku atakapotaka kuandika juu ya maandazi.

Kuchagua kati ya .com na .co.tz au .co.ke kuna maana ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukiwaandikia wasomaji wa nchi moja, jina la nchi hiyo linafahamika na huenda jina unalolitaka bado lipo wazi. Ukiwaandikia Waswahili wa Mombasa, Zanzibar, Bukavu na Maskati kwa pamoja, .com haimwegemei yeyote. Kwa Mtanzania lipo suala la sheria pia. Desemba 2016, Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alifikishwa mahakamani, na miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa .tz. Hilo peke yake linatosha kukufanya uulize kanuni zinasemaje kabla ya kununua.

Tuje kwenye kuhama, maana hapo ndipo uamuzi wa siku ya kwanza unapoonekana ulikuwa wa busara au la. Tuseme mwandishi wa Tanga anaandika mapishi ya Pwani. Anaanza na Blogger, ananunua `jinalako.co.tz`, na kuliunganisha siku hiyohiyo. Kwenye akaunti ya msajili anaweka rekodi hizi:

```
www   CNAME   ghs.google.com
@     A       216.239.32.21
@     A       216.239.34.21
@     A       216.239.36.21
@     A       216.239.38.21
```

Blogger humpa pia rekodi ya pili ya CNAME ya kuthibitisha kwamba jina ni lake; hiyo hutofautiana kwa kila blogu. Baada ya saa chache blogu inafunguka kwa jina lake, na anayeandika anwani ya zamani ya `blogspot.com` anapelekwa yenyewe kwenye jina jipya. Tangu hapo kila kiungo anachokisambaza ni chake.

Miaka mitatu baadaye ana makala 150 na anataka kuhamia WordPress kwenye seva yake. Hatua ya kwanza ni kuchukua maandishi. Katika mipangilio ya Blogger ipo sehemu ya kuhifadhi nakala, nayo hutoa faili la XML lenye makala na maoni. Angalia vizuri: picha hazimo ndani ya faili hilo. Kilichomo ni anwani za picha zilizobaki kwenye seva za Google. Akiingiza faili hilo WordPress, picha zitaonekana kama kawaida, na ataamini kila kitu kimehama. Siku atakapoifuta blogu ya zamani, au akaunti yake ya Google itakapofungwa, picha zinaweza kutoweka zote. Njia ya kugundua mapema ni kufungua picha moja kwenye ukurasa mpya na kusoma anwani yake. Ikiwa ina `googleusercontent.com` au `bp.blogspot.com`, bado haijahama. Itabidi ipakuliwe na kuwekwa kwenye seva mpya, kwa mkono au kwa programu-jalizi ya kazi hiyo.

Hatua ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi: umbo la anwani za makala. Blogger huandika mwaka, mwezi, kichwa, kisha `.html`. WordPress ina desturi yake. Ukiiacha ijichagulie, viungo vyote 150 vitavunjika ingawa jina la kikoa ni lilelile. Basi kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu ya WordPress anaweka umbo hili:

```
/%year%/%monthnum%/%postname%.html
```

Hapo makala nyingi zitafunguka kwa anwani zake za zamani, lakini si zote. Blogger hufupisha vichwa virefu, kwa kawaida karibu na herufi 40. Makala yenye kichwa "Jinsi ya kupika wali wa nazi usiobonda wala kushika chini" ingekuwa `jinsi-ya-kupika-wali-wa-nazi-usiobonda.html`. WordPress, ikitengeneza anwani kutokana na kichwa, itaandika maneno yote mpaka mwisho, na kiungo cha zamani hakitalingana na kipya. Mwandishi wetu atapitia orodha ya makala zenye vichwa virefu na kuzirekebisha anwani moja moja, au atatumia zana ya kuingiza inayohifadhi anwani ya asili. Kwa makala 150 ni kazi ya jioni moja au mbili.

Hatua ya tatu ni kurasa zisizo makala. Kurasa za kudumu za Blogger hukaa chini ya `/p/`, lebo hukaa chini ya `/search/label/`, na mlisho una anwani yake. Kama seva inatumia Apache, na lebo zimeingizwa kama kategoria, mistari hii inawekwa kwenye faili la `.htaccess`, juu ya ile ya WordPress:

```
RewriteEngine On
RewriteRule ^p/(.+)\.html$ /$1/ [R=301,L]
RewriteRule ^search/label/(.+)$ /category/$1/ [R=301,L]
RewriteRule ^feeds/posts/default$ /feed/ [R=301,L]
```

Namba 301 inawaambia vivinjari na Google kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Usitumie 302, ambayo maana yake ni kuhama kwa muda.

Hatua ya mwisho ni kubadilisha rekodi za DNS zielekee seva mpya. Siku moja kabla, punguza muda wa TTL wa rekodi hizo hadi sekunde 300, ili mabadiliko yasikawie kuwafikia watu. Kisha fungua kwa mkono viungo ishirini vya zamani, ukichagua vile vinavyosomwa zaidi. Wiki zinazofuata angalia ripoti ya kurasa kwenye Google Search Console: idadi ya kurasa za 404 ikipanda ghafla, kuna umbo la anwani ulilolisahau. Uelekezaji huo udumu mwaka mmoja angalau, na kwa hakika hakuna sababu ya kuuondoa kamwe.

Na ambaye tayari yuko kwenye `blogspot.com` bila jina lake? Ipo njia, na inahitaji subira. Asihame kwanza. Anunue jina, aliunganishe na Blogger hapohapo alipo, na abaki miezi kadhaa. Kwa kuwa Blogger yenyewe itakuwa inawapeleka wasomaji kutoka anwani ya zamani hadi jina jipya, Google na wasomaji watalizoea jina. Baada ya hapo ahamishe jina kwenda WordPress kwa hatua nilizozieleza, na blogu ya Blogger asiifute wala asiondoe jina kwenye mipangilio yake. Njia hii ina upungufu wake: jina likishaacha kuelekea Google, msomaji anayetokea anwani ya zamani anaweza kuoneshwa kwanza ukurasa wa tahadhari kabla ya kupelekwa mbele. Ndiyo maana miezi ile ya kusubiri ni muhimu.

Ukiyapima yote haya kwa pamoja, hukumu yangu ni hii. Kwa anayeanza na anayetaka kuandika tu, Blogger yenye jina lake la kikoa inatosha, na kwa upande wa teknolojia gharama yake ya mwaka ni ya jina peke yake. Kwa anayetaka hasa barua pepe za wasomaji, Substack inafaa, kwa sharti kwamba apakue orodha ya wasomaji wake kila mwezi. WordPress ya kujihudumia isubiri mpaka kuwe na jambo mahususi ambalo jukwaa la bure limekukatalia. Na kwa yeyote kati yao: jina lisajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, kwa msajili ambaye hakufungi na jukwaa lake. Kama una blogu leo na huna hakika jina lake limeandikwa kwa nani, usiandike makala nyingine kabla hujaingia kwenye akaunti ya msajili ukahakikisha.